Geti Linafungwa Saa Ngapi? Kukagua tafsiri ya mkataba kwa tafsiri rejeshi na kamusi ya pili

Mwenye nyumba mmoja hapa Dar es Salaam alipata mpangaji mgeni asiyejua Kiswahili. Mkataba aliokuwa nao ni ule ule anaowapa wapangaji wake wote, ukurasa mmoja na nusu wa Kiswahili. Kijana mmoja akautafsiri kwa Kiingereza jioni moja, na kabla watu hawajatia saini nikaombwa niupitie. Nimeuchagua mkataba huo uwe mfano wa mwongozo huu kwa sababu ni mfupi, una pesa ndani yake, na una maneno ambayo Mswahili huyatumia kila siku bila kuona kwamba yana sura mbili.

Tafsiri rejeshi ni jambo rahisi kulieleza. Tafsiri iliyokwenda Kiingereza unampa mtu wa pili, asiyeuona mkataba wa Kiswahili, airudishe kwa Kiswahili. Kisha unaweka Kiswahili cha mwanzo na Kiswahili kilichorudi ubavu kwa ubavu. Palipopishana, unachunguza. Kazi iko katika kuchunguza, na hapo ndipo kamusi ya pili inapoingia.

Kwanza, tayarisha matini

Gawa mkataba katika sentensi na uzipe namba. Kifungu kirefu chenye sharti ndani ya sharti kikate, kila sharti lipate namba yake. Chora jedwali lenye safu nne: asili, tafsiri, rejeshi, na maelezo. Tangu hapo mtu yeyote asiguse asili wala tafsiri mpaka ukaguzi uishe. Nimewahi kukagua kazi ambayo mtafsiri alikuwa akiirekebisha kimya kimya huku mwenzake akiirejesha, na mwisho hatukujua tunalinganisha nini na nini.

Pili, mtafute mrejeshaji na umfunge macho

Mrejeshaji awe mtu ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake, anajua Kiingereza vizuri, na hajaona mkataba wa mwanzo. Usimsimulie nyumba iko wapi wala mwenye nyumba anataka nini. Mpe safu ya tafsiri peke yake, kwenye karatasi isiyo na ile ya asili.

Maagizo yake yawe mafupi. Atafsiri anachokiona, hata kama kinaonekana hakina maana. Asipambe wala asisahihishe. Sentensi ikisomeka kwa namna mbili, aandike zote mbili. Agizo la kusahihisha ndilo gumu kulitii, maana mtu mwerevu akikutana na sentensi mbovu huisoma kama ilivyopaswa kuwa. Richard Brislin, mwanasaikolojia wa Marekani, alilionya hilo tangu mwaka 1970 alipoandika kuhusu njia hii: mrejeshaji hodari anaweza kuitoa maana nzuri kutoka katika tafsiri mbaya, na mkaguzi akadanganyika kwamba tafsiri iko sawa. Kwa sababu hiyo mimi humpendelea mrejeshaji wa kawaida, mwangalifu, kuliko bingwa. Bingwa wa Kiingereza nitamhitaji baadaye.

Ukikosa mtu wa pili kabisa, ifiche asili, ikae siku kadhaa, kisha urejeshe mwenyewe ukianza na sentensi ya mwisho kurudi juu ili mtiririko usikubebe. Njia hiyo hunasa makosa ya namba na sentensi zilizorukwa. Makosa ya maana ni nadra kuyanasa, kwa kuwa kilichokupotosha mara ya kwanza bado kimo kichwani mwako.

Tatu, linganisha

Hivi ndivyo vifungu sita vya mkataba ule, asili kwanza na rejeshi baada yake. Kiingereza cha katikati nakiacha, kwa kuwa katika hatua hii hata mkaguzi hapaswi kukitazama.

Kifungu cha 1. Asili: "Mpangaji atalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja kabla ya kuhamia." Rejeshi: "Mpangaji anapaswa kulipa pango la miezi sita kwa pamoja kabla ya kuingia kwenye nyumba."

Kifungu cha 2. Asili: "Mpangaji ataweka amana ya shilingi 400,000." Rejeshi: "Mpangaji atatoa malipo ya awali ya shilingi 400,000."

Kifungu cha 3. Asili: "Kodi ya jengo italipwa na mwenye nyumba." Rejeshi: "Pango la jengo litalipwa na mwenye nyumba."

Kifungu cha 4. Asili: "Mpangaji atautunza ua." Rejeshi: "Mpangaji atautunza uzio."

Kifungu cha 5. Asili: "Mwenye nyumba akitaka kuuza nyumba atampa mpangaji notisi ya miezi mitatu, na akishindwa atamrudishia kodi iliyobaki." Rejeshi: "Mwenye nyumba akiamua kuuza nyumba atampa mpangaji notisi ya miezi mitatu, na akishindwa kuiuza atamrudishia pango lililobaki."

Kifungu cha 6. Asili: "Geti hufungwa saa nne usiku." Rejeshi: "Geti hufungwa saa nne usiku."

Anayeanza kazi hii huhesabu maneno yaliyofanana. Akifanya hivyo, kifungu cha 6 kinapata alama zote na kifungu cha 1 kinaonekana kibaya. Ukweli ni kinyume chake. Badala ya maneno, iulize kila sentensi maswali machache: nani anatenda, anatenda nini, kwa kiasi gani, lini, na kwa sharti lipi. Kifungu cha 1 kinajibu yote kwa namna ile ile: mpangaji, analipa, miezi sita, kabla ya kuingia, kwa mara moja. "Kodi" imekuwa "pango" na "kuhamia" imekuwa "kuingia", lakini hakuna atakayelipa senti zaidi au pungufu. Andika "sawa" na uendelee.

Kifungu cha 2, 3, 4 na 5 vimepishana kweli. Kabla ya kumlaumu mtafsiri, kumbuka kwamba kosa linaweza kuwa katika sehemu tatu: kwake, kwa mrejeshaji, au katika asili yenyewe. Sehemu hii ya tatu watu huisahau.

Nne, ilete kamusi ya pili

Nasema ya pili kwa maana ya shahidi wa pili, si nakala ya pili. Kamusi nazo zina ukoo. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ambayo bado inasambaa sana, ilijengwa juu ya ile ya Madan iliyotoka mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ukiangalia neno kwa Madan, ukaenda kwa Johnson ukakuta jibu lile lile, umemuuliza mtu swali kisha ukamuuliza mwanawe. Na programu nyingi za kamusi kwenye simu huchukua maingizo kutoka chanzo kimoja. Ukiona mfano wa matumizi ni ule ule neno kwa neno, hesabu kwamba una kamusi moja.

Kwa mkataba huu kamusi ya kwanza, aliyoitumia mtafsiri, ilikuwa ya Kiswahili na Kiingereza. Kamusi ya pili niliitaka iwe ya aina nyingine kabisa: kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Zipo mbili zinazotegemewa zaidi Tanzania, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka kwanza mwaka 1981 na kuchapishwa upya mara kadhaa, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015. Faida yake ni kwamba kamusi ya lugha moja hulieleza neno badala ya kulibadilisha kwa neno jingine lenye matatizo yake. Na karibu nayo niliweka ya Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa ajili ya kurudi kinyumenyume.

Tuanze na "ua". Fungua kamusi na kabla ya kusoma maana, soma ngeli. "Ua" la li-/ya- ni lile lenye petali, maua. "Ua" wa u-/zi- ni mwingine, wingi wake nyua. Mkataba unasema "atautunza", si "atalitunza", kwa hiyo maua yametoka. Mtafsiri alilijua hilo. Lakini ndani ya u-/zi- mna maana mbili zinazokaa pamoja: uzio unaozunguka nyumba, na eneo lililozungushwa uzio huo, pale tunapofulia na kuanika. Mtafsiri alichukua ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyotangulia katika kamusi yake. Tofauti yake kwa mpangaji ni kubwa: kutunza eneo ni kufagia na kukata majani, kutunza uzio ni kununua matofali ukuta ukianguka. Kamusi ya pili ilituonyesha kwamba kuna maana mbili. Kutuambia ipi ilikuwa nje ya uwezo wake. Tukampigia simu mwenye nyumba. Alishangaa kuulizwa. "Ukuta ni wangu bwana, nataka afagie tu."

"Amana" ilihitaji njia ya kinyumenyume. Hatua zake ni hizi: chukua neno la Kiswahili, tazama kamusi ya kwanza imekupa neno gani la Kiingereza, kisha lichukue neno hilo la Kiingereza ulitafute katika ile kamusi ya Kiingereza kwenda Kiswahili, uone linakurudisha wapi. Likikurudisha nyumbani peke yake, vizuri. Likifungua milango mingine, hesabu milango. Kwa Kiswahili amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu akitunze, kwa hiyo kinarudi kwa mwenyewe. Neno la Kiingereza alilotumia mtafsiri linabeba maana hiyo, na linabeba pia malipo ya kwanza ya kitu unachokinunua, yale yanayokatwa kwenye bei. Linabeba hata mashapo yanayotuama chini ya maji, ingawa hakuna ambaye angesoma hivyo kwenye mkataba wa nyumba. Mrejeshaji alichukua mlango wa pili, "malipo ya awali", na mpangaji angeweza kuuchukua huo huo, akadhani shilingi 400,000 zitakatwa kwenye pango lake. Hapa hakuna aliyekosea. Neno la mtafsiri ni sahihi, ila limelegea. Dawa yake ni kulifunga kwa maelezo: tafsiri ikaongezewa kwamba pesa hiyo itarudishwa mkataba ukiisha, ikitolewa gharama za uharibifu kama upo.

Kifungu cha 3 ndicho kilichotuchekesha. Mwenye nyumba amlipe nani pango la nyumba yake mwenyewe? Rejeshi ikitoka na upuuzi wa namna hii, shukuru, maana kosa linaloonekana ni rahisi. Kamusi inakwambia wazi kwamba "kodi" ni ile inayotozwa na serikali na pia ni malipo ya kupanga nyumba. Kwenye kifungu cha 1 ilikuwa ya kupanga. Mtafsiri akaibeba maana hiyo hiyo mpaka kifungu cha 3 bila kuitazama tena. Asili ilikusudia kodi ya majengo. Tanzania kodi hiyo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU tangu mwaka 2021, kwa hiyo anayenunua umeme, yaani mpangaji, ndiye anayekatwa kwanza. Kifungu kilikuwa na maana ya kwamba mwenye nyumba amrudishie. Ndiyo maana sikuridhika kubadilisha neno moja tu. Tuliandika katika lugha zote mbili kwamba kodi ya majengo inayokatwa kwenye umeme itapunguzwa katika pango.

(Mtu atasema basi tutumie "pango" kote, tuiachie "kodi" serikali. Ni ushauri mzuri kwa mkataba. Lakini nalo lina pacha wake, pango la mlimani wanamokaa popo, na safari hii ngeli ni moja, haikusaidii. Kinachotuokoa ni kwamba hakuna anayelipia popo.)

Tano, rudi kwenye asili pale inapostahili

Kifungu cha 5 kilikuja na neno ambalo asili haina: "kuiuza". Nilidhani mrejeshaji ameongeza. Nikafungua safu ya tafsiri, nikakuta mtafsiri ndiye aliyeliweka. Nikamuuliza. Akasema Kiingereza kilimdai aseme ameshindwa nini, naye akakisia.

Hakuwa na njia. Isome tena asili: "na akishindwa atamrudishia kodi iliyobaki". Akishindwa nani, na kushindwa nini? Mwenye nyumba akishindwa kuuza? Mwenye nyumba akishindwa kutoa notisi ya miezi mitatu? Mpangaji akishindwa kuhama kwa wakati? Kiambishi a- kinamhudumia yeyote kati ya hao wawili, na Kiswahili cha mazungumzo huiachia hali halisi imalizie. Kamusi hata ziwe kumi hazitasaidia, kwa sababu tatizo halimo katika neno lolote. Ishara ya kulitambua tatizo la aina hii ni hiyo: rejeshi imeongeza kitu, na kila neno ukilitazama peke yake liko sahihi.

Mwenye nyumba alikusudia la pili. Basi iliyosahihishwa kwanza ni asili: "Asipotoa notisi hiyo, mwenye nyumba atamrudishia mpangaji kodi ya miezi iliyobaki." Ndipo ikatafsiriwa upya. Na wapangaji wake wengine wa Kiswahili nao wakapata mkataba ulio wazi zaidi, faida ambayo hakuitarajia.

Sita, tafuta kilichopita bila kuonekana

Sasa kile kifungu cha 6, kilichorudi kikiwa safi kabisa. Mtafsiri aliandika nne kwa tarakimu ya Kiingereza, akaongeza usiku. Mrejeshaji, Mswahili mwenzake, akaona nne na usiku, akaandika saa nne usiku. Kosa lilikwenda na likarudi, likajifuta lenyewe. Lakini mgeni anayehesabu saa kuanzia usiku wa manane atasoma saa kumi alfajiri. Atarudi saa sita za usiku akiwa na amani moyoni, akute geti limefungwa na mlinzi amelala.

Hapa tafsiri rejeshi inafika mwisho wa uwezo wake, na kamusi pia, maana zote mbili zitakuambia nne ni nne. Watu wawili wanaofikiri kwa namna moja hufanya kosa moja, na kadiri tafsiri inavyofuata asili neno kwa neno ndivyo inavyorudi nzuri. Kwa hiyo rejeshi inayofanana mno na asili uitilie shaka. Mimi nikiona sentensi imerudi vile vile, hasa yenye namba, saa, jina la ndugu au kipimo, huiwekea alama niirudie.

Kuirudia kunafanywa bila rejeshi. Kusanya kila saa, tarehe, kiasi na muda uliomo kwenye mkataba, uviandike kwenye karatasi tofauti kwa mtindo usio na lugha: saa kwa mfumo wa saa 24, tarehe kwa siku, mwezi na mwaka, pesa kwa tarakimu. Fanya hivyo kutoka kwenye asili, kisha tena kutoka kwenye tafsiri, na ulinganishe orodha mbili. Kifungu cha 6 kilitoa 22:00 upande mmoja na 04:00 upande wa pili. Kisha mpe tafsiri mtu mmoja ambaye hajui Kiswahili kabisa, yule bingwa wa Kiingereza niliyesema tutamhitaji baadaye, na umuulize maswali ya kawaida: utarudi nyumbani kabla ya saa ngapi? Shilingi 400,000 utazipata tena? Ukuta ukianguka nani anajenga? Asijibu kwa kubahatisha. Jibu lake liandike kama alivyolisema.

Saba, rejesha tena ulichobadilisha

Vifungu vilivyoguswa virejeshwe upya, hivyo tu, na ikiwezekana kwa mrejeshaji mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza sasa anajua tatizo lilikuwa wapi na atasoma suluhisho hata kama halipo. Katika mkataba wetu vilikuwa vitano: 2, 3, 4, 5 na 6. Vinne vilirudi na maana yake. Cha 4 kilirudi na "bustani", kwa sababu mtafsiri alikuwa ametoka kwenye uzio akaenda kwenye neno la Kiingereza ambalo kwa wengine ni bustani ya nyumbani. Tukaacha kutafuta neno moja, tukaeleza: eneo la wazi ndani ya ukuta. Likarudi sawasawa.

Katika safu ya maelezo andika uamuzi wa kila kifungu na aliyeutoa. "Ua: eneo, si uzio, kasema mwenye nyumba kwa simu." Maneno machache kama hayo yatamwokoa atakayeutafsiri mkataba huo mwakani kwa lugha nyingine, maana "ua" na "kodi" zitamsubiri pale pale.

Mkataba ulitiwa saini wiki iliyofuata. Kifungu cha 6 kiliandikwa kwa lugha zote mbili na tarakimu zile zile, 22:00, na mwenye nyumba akaomba tumwekee hata mlinzi karatasi hiyo pale getini.